Ukwaju: Kutoka Ganda hadi Rojo, na Kupima Ugwadu wa Mchuzi

Mapishi mengi yakifika kwenye ukwaju huandika "tia vijiko vitatu" kisha yanaendelea na mambo mengine. Vijiko vitatu vya ukwaju gani? Kuna anayeloweka fungu zima katika maji kidogo, akapata rojo linaloganda kwenye kijiko. Kuna anayeloweka fungu hilohilo kwenye jagi la maji. Hata wangeloweka sawa, ukwaju wenyewe haulingani. Kinachoufanya uwe mchachu ni asidi ya tartariki, ileile iliyomo kwenye zabibu, na kiasi chake katika nyama ya ukwaju kinaweza kuwa asilimia 8 au kikafika 18. Mti na mti, bonde na bonde, ganda lililoiva na ambalo halijaiva, yote hayo hubadilisha hesabu. Kwa hiyo vijiko vyangu vitatu vinaweza kuwa sita vyako, na mchuzi ukaharibika bila mtu kukosea chochote.

Njia ninayoieleza hapa ina sehemu mbili. Kwanza unatengeneza rojo la uzito uleule kila mara. Kisha unalipima rojo hilo kwa ndimu kabla halijakaribia chungu. Mfano wangu ni mchuzi wa samaki wa nazi wa huku pwani, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu kinachoweza kukudanganya ulimi: tui, nyanya, chumvi na samaki mwenyewe.

Kuchagua ukwaju

Ukwaju ukiiva sawasawa, nyama husinyaa na kuachana na ganda. Ndiyo maana ganda la ukwaju mzuri ni jepesi, ukilibonyeza kwa kidole gumba linapasuka, na ukilitikisa karibu na sikio unasikia nyama ikigonga ndani. Ganda ambalo bado limeshikamana na nyama, ukilibandua linatoka na vipande vya kijani au njano, hilo halijaiva. Watu hudhani tofauti ni uchachu tu. Ukwaju ukiendelea kuiva asidi yake haipungui kama inavyopungua kwenye embe. Kinachobadilika ni sukari, ambayo huongezeka na kuusawazisha ule ukali. Ukwaju mbichi una asidi bila sukari, tena una ukakasi unaokausha mdomo, na ukakasi huo hautatoka hata ufanye nini.

Angalia pia mashimo madogo ya duara kwenye ganda. Ukiyaona, pasua ganda moja: ukikuta vumbivumbi na kokwa zilizotobolewa, wadudu wameshaingia, na mara nyingi gunia zima liko hivyo. Rangi nayo ina habari. Ukwaju wa msimu mpya una nyama ya hudhurungi yenye wekundu kidogo. Uliokaa mwaka mzima hukaribia weusi. Mweusi si mbovu, na ugwadu wake bado upo, ila ladha yake ni nzito na mchuzi wa nazi utapata rangi ya matope.

Ukinunua uliokwisha kubanduliwa, ule wa mafungu au mabonge sokoni, chukua kipande ukisage kati ya vidole viwili. Mchanga utausikia papo hapo. Onja pia kama una chumvi, maana wauzaji wengine huupaka chumvi ili usiingie wadudu, na chumvi hiyo itaingia kwenye hesabu yako ya mchuzi. Walio Ulaya na nchi za Ghuba hukutana na bidhaa nyingine mbili. Moja ni maganda makubwa mazuri ya Thailand yanayouzwa kwenye boksi. Hayo mara nyingi ni ya aina tamu, ya kula hivihivi, na ukiyatia kwenye mchuzi utamaliza boksi zima bila kupata ugwadu. Ya pili ni rojo jeusi la chupa, ambalo limeshachemshwa likakaukiana. Hilo ni kali mno kwa kijiko; litumie, lakini usiliguse kabla hujalipima kwa namna nitakayoeleza chini.

Kubandua

Nachukua gramu 500 za maganda makavu, kwa sababu hicho ni kiasi kinachotosha michuzi kadhaa na hakichoshi mikono. Bonyeza ganda katikati, lipasuke, ondoa vipande vyote. Ndani utaona nyuzi ngumu zinazotoka kwenye kikonyo na kushuka hadi ncha ya pili, zimeikumbatia nyama. Zishike pale kwenye kikonyo zote kwa pamoja, uzivute kuelekea chini. Ukianzia kwenye ncha zinakatikakatika na utazichomoa moja moja hadi jioni.

Kuwa makini zaidi na vipande vidogo vya ganda kuliko nyuzi. Nyuzi zitabaki kwenye chujio, lakini chembe za ganda hupita matundu mapana, na mtu akizitafuna kwenye mchuzi anadhani ni mchanga. Kwa hiyo pasulia maganda kwenye sinia moja na nyama uiweke kwenye bakuli jingine, usifanye yote mahali pamoja.

Baada ya kubandua utabaki na nyama yenye kokwa. Katika gramu 500 za maganda, nyama tupu bila kokwa huwa karibu gramu 200; kokwa zenyewe zina uzito mkubwa kuliko zinavyoonekana. Ukwaju wa nyama nyembamba hutoa pungufu ya hapo, na hilo utaliona mapema wakati wa kubandua: kokwa zinajitokeza, nyama ni kama ngozi tu juu yake. Ukiuona hivyo, punguza maji ya kuloweka.

Ukihisi una vumbi, upitishe kwenye maji baridi haraka na uutoe. Usiuache humo, asidi inaanza kutoka mara moja.

Kuloweka

Weka nyama na kokwa zake kwenye bakuli la kioo, la udongo uliopakwa rangi ya kioo, la plastiki ngumu au la chuma cha pua. Bakuli la aluminiamu liache. Asidi hii inakula aluminiamu taratibu, na ukwaju uliolala humo usiku kucha unatoka na ladha ya chuma, na bakuli linabaki na madoa.

Mimina vikombe viwili vya maji ya moto, kikombe kikiwa cha mililita 250. Yawe ya moto kiasi ambacho kidole kinaweza kuingia na kutoka, si yanayochemka. Funika, acha nusu saa, ukiupindua mara moja katikati ili mabonge ya juu nayo yalowe. Ukwaju wa zamani uliokauka sana huhitaji saa nzima. Maji baridi yanafaa pia kama una muda. Loweka usiku, weka kwenye friji ikiwa nyumba ni ya joto.

Wapo wanaouchemsha ukwaju pamoja na kokwa ili uharakike. Unaharakika kweli, lakini ganda la kahawia linalofunika kokwa lina tanini nyingi, na maji yanayochemka huivuta itoke. Tanini ndiyo inayokausha ulimi unapokunywa chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Ikiingia kwenye rojo, mtu anaonja na kusema ukwaju umezidi, anaongeza sukari, na sukari haisaidii, kwa sababu kinachomkera si uchachu bali ukakasi. Kuchemsha kupo, lakini kunafuata baada ya kokwa kuondoka.

Kwa sababu hiyohiyo, usiutie kwenye blenda ukiwa na kokwa. Kokwa za ukwaju ni ngumu ajabu. Zikipasuka zinatoa chembe chungu, na visu vya blenda navyo vinapata taabu.

Kukamua na kuchuja

Nawa mikono, ingiza vidole, vunja mabonge. Halafu kamua: kunja ngumi, fungua, kunja tena, ukitelezesha kokwa kati ya vidole. Mwanzoni maji yanabadilika rangi tu. Baada ya dakika chache yanaanza kuwa mazito, na kokwa unazozitoa zinakuwa tupu, laini, zinang'aa. Kokwa ikiwa bado ina utandu wa nyama unaonata, bado kuna kazi. Sehemu ya ukwaju iliyo nzito na yenye ladha zaidi ndiyo inayong'ang'ania kokwa, na anayekamua harakaharaka huipeleka jalalani.

Pitisha kwenye chujio la matundu mapana kiasi, au kifumbu cha kukamulia nazi. Chujio la chai ni dogo mno, litaziba na litakupa maji bila nyama. Sukuma kwa mgongo wa kijiko, kisha kwangua upande wa chini wa chujio. Huko ndiko rojo zito linakoning'inia, na ukilisahau umepoteza vijiko kadhaa.

Makapi yarudishe bakulini na nusu kikombe cha maji ya moto, kamua tena, chuja juu ya lile la kwanza. Simama hapo. Maji ya tatu huleta rangi na wingi tu, na yanaharibu uzito tunaoutafuta.

Sasa utakuwa na vikombe viwili na nusu hivi. Vimimine kwenye sufuria isiyo ya aluminiamu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi ukikoroga. Ukwaju ulianikwa, ukashikwashikwa na mikono mingi hadi kukufikia, kwa hiyo hatua hii usiiruke, hasa kama rojo litaliwa bila kupikwa tena, kwa mfano kwenye chatini. Funika nusu, maana rojo zito hurusha matone yanayounguza.

Simamisha pale linapofika vikombe viwili. Kipimo cha macho ni hiki: chovya kijiko, kitoe, pitisha kidole kwenye mgongo wake. Mstari ubaki wazi kwa muda mfupi kisha ujifunge polepole. Ukijifunga mara moja, rojo ni jepesi. Endelea na moto. Usipojifunga kabisa, ongeza maji vijiko viwili.

Hapa ndipo ukwaju unapoachana na siki. Siki ikichemka, uchachu wake unaondoka na mvuke. Harufu inayokupiga puani ndiyo huo. Asidi ya ukwaju hairuki. Maji yanaondoka, asidi inabaki, kwa hiyo kila dakika rojo linapokaa motoni kijiko chake kinazidi kuwa kikali. Mchuzi wenyewe nao ni hivyohivyo: ukikauka, ugwadu unapanda.

Kulipima rojo kwa ndimu

Chukua glasi mbili, kila moja weka nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na chembe chache za chumvi. Kwenye ya kwanza tia vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu mpya. Kwenye ya pili tia vijiko viwili vya chai vya rojo. Onja ya ndimu, sukutua mdomo kwa maji, subiri kidogo, onja ya ukwaju. Kama ukwaju ni mpole, ongeza nusu kijiko, koroga, rudia, mpaka zote mbili zikuvute mdomo kwa nguvu ileile. Usitafute ladha ifanane, haitafanana. Ukwaju una utamu na harufu ya tunda lililokauka ambavyo ndimu haina. Tafuta nguvu tu.

Vijiko viwili vikitosha kulingana na ndimu, rojo lako ni kali. Vitatu, ni la wastani, na ukwaju mwingi wa sokoni ulioiva vizuri ukifuata vipimo vya hapo juu huangukia hapa. Vinne au zaidi, ni pole. Andika kwenye chupa: "kali", "wastani" au "pole".

Ndimu nazo hazilingani zote, najua. Lakini mpishi wa pwani amekwisha kamua ndimu nyingi kiasi kwamba mkono wake unajua ndimu moja inafanya nini kwenye mchuzi. Ukishajua rojo lako ni ndimu ngapi, ujuzi huo wote unahamia kwenye ukwaju.

Mchuzi wa samaki, hatua kwa hatua

Tuseme una changu au kolekole kilo moja, aliyekatwa vipande na kukaangwa kidogo au kuchomwa. Nazi mbili umezikuna na kukamua: tui jepesi vikombe viwili, tui zito kikombe kimoja. Vitunguu viwili, nyanya tatu, kitunguu saumu na tangawizi, binzari ya manjano kijiko cha chai, pilipili. Rojo lako ni la wastani.

Kabla ya yote jiulize samaki alipakwa nini. Wengi humpaka ndimu ili kutoa shombo. Ni sawa, uchachu wowote hupunguza shombo, ila ndimu hiyo imo na itashuka kwenye mchuzi. Nyanya nazo ni chachu, na za kopo mara nyingi ni chachu zaidi kuliko za sokoni zilizoiva juani. Ukwaju unaongezwa juu ya hayo yote, ndiyo maana hatuanzi nao.

Kaanga vitunguu, saumu na tangawizi, tia nyanya, zipike hadi zivunjike na mafuta yajitenge. Tia binzari, kisha tui jepesi. Ukiweka viazi au bilinganya, vitie sasa na uvipike mpaka vilainike kabisa. Hili halina mjadala: kiazi kilichokutana na ukwaju kabla hakijaiva kitakaa motoni nusu saa na bado kitakuwa kigumu katikati, kwa sababu asidi huimarisha kile kinachoshikilia chembe za kiazi pamoja. Wapika urojo wa Unguja huchemsha viazi peke yake kabla ya kuvitia kwenye urojo.

Viazi vikiiva, rekebisha chumvi, na uirekebishe kikamilifu kana kwamba ukwaju haupo. Mchuzi uliopungukiwa chumvi hupokea ugwadu vibaya. Unaonekana mkali na mwembamba kwa wakati mmoja, na mtu anaacha kuongeza ukwaju mapema kuliko inavyofaa. Baadaye anaongeza chumvi mezani, na ghafla mchuzi unakuwa na pengo.

Sasa rojo. Kwa kiasi hiki cha mchuzi anza na vijiko vitatu vya mezani vya rojo la wastani. Likiwa kali anza na viwili, likiwa pole anza na vinne. Koroga, acha uchemke taratibu dakika tano. Ugwadu unaochota sekunde ile umetia rojo si wa kweli, maana nyama ya ukwaju bado haijasambaa na unaweza kuchota sehemu yenye rojo au isiyo nalo.

Onja hivi: chota kijiko, kipulize hadi kipoe kiasi cha kutounguza, kisha onja pamoja na tonge dogo la kile kitakacholiwa na mchuzi, wali au ugali. Ulimi ulioungua hausikii kitu kwa dakika kadhaa. Na mchuzi unaoonjwa mtupu huonekana mkali kuliko utakavyokuwa mezani, kwa sababu wali unakula nusu ya ugwadu.

Unatafuta nini unapoonja? Ukipungua, mafuta ya tui yanabaki yamekaa mdomoni baada ya kumeza, ladha ni bapa, na mkono unataka kwenda kwenye chumvi ingawa chumvi imetosha. Ukiwa sawa, unaanza kusikia kitunguu na nyanya, halafu ugwadu unafuata nyuma na mate yanajaa. Ukizidi, ugwadu unafika wa kwanza kabla ya kitu kingine chochote, mashavu yanavutwa ndani, na baada ya kumeza ndio pekee uliobaki. Zingatia huo mpangilio wa nani anafika kwanza. Ni dalili ya kuaminika kuliko kujiuliza "mkali au si mkali".

Ongeza kijiko kimoja kimoja, kila kimoja ukikipa dakika mbili. Lakini usisimame pale unapopenda. Kabla ya tui zito mchuzi unatakiwa uwe umepita kidogo, ugwadu na viungo vifike pamoja, hata ugwadu utangulie kidogo. Bado kuna kikombe kizima cha tui kinakuja, ambacho kitauongeza mchuzi kwa karibu theluthi, na mafuta yake yataupoza. Katika mfano huu kwa kawaida nasimama kwenye vijiko vitano. Anayesimama palipo sawa kabla ya tui atajikuta anaongeza rojo mwishoni, na hapo ndipo tui linapokatika.

Tia samaki, mpe dakika nane hadi kumi kwa moto mdogo bila kumvurugavuruga. Kisha tui zito: mimina taratibu ukikoroga kwa upawa, moto uwe mdogo, na mara unapoona viputo vya kwanza pembeni, epua. Asidi na moto mkali kwa pamoja huzifanya protini za tui zigandamane na kuyaacha mafuta yaelee, ndiko kukatika kwenyewe. Kimoja kati ya viwili hivyo lazima kiwe kidogo, na kwa kuwa ukwaju tumeshautia, basi ni moto.

Acha mchuzi utulie dakika kumi ndipo uonje mara ya mwisho. Unaopoa kidogo unasikika vizuri zaidi.

Ukizidi

Kwanza angalia chumvi. Kisha ongeza tui au mchuzi usio na ukwaju, na hili ndilo suluhisho la kweli kwa sababu linapunguza asidi katika kila kijiko. Kama huna tui, kiazi kilichochemshwa pembeni na kupondwa ndani ya mchuzi nacho huongeza wingi na uzito.

Sukari haiondoi asidi, inaifunika. Robo kijiko cha chai kwa mchuzi huu inaweza kutosha kulainisha ncha. Ukifika kijiko kizima umeshapika kitu kingine, kitamu na kichachu, ambacho kinafaa chatini lakini si samaki wa nazi.

Bikabonati, ile soda ya kuumulia keki, inaiua asidi kweli; utaona povu. Tia chembe za kushika kwa ncha za vidole viwili, koroga, subiri povu lishuke, onja. Ikizidi mchuzi unapata ladha ya sabuni. Binzari ya manjano itakuonya: katika mchuzi uliogeuka kuwa wa magadi hubadilika kutoka njano kuelekea wekundu. Ukiona rangi hiyo umekwenda mbali mno na hakuna kurudi, kwa hiyo mimi huitumia pale tu ambapo tui limekwisha na wageni wameshafika.

Juisi na chatini

Kwa juisi, kikombe kimoja cha rojo la wastani na vikombe vitano vya maji, kisha sukari. Onja ikiwa baridi. Ubaridi huufifisha utamu kuliko ugwadu, ndiyo maana juisi iliyotiwa sukari ikiwa ya moto na kuonekana tamu kabisa hutoka kwenye friji ikiwa kali.

Chatini ya bajia au ya mihogo ya kukaanga iache rojo bila maji, tia chumvi, pilipili na tende zilizopondwa au sukari. Iwe kali kuliko unavyoweza kuila kwa kijiko, kwa sababu inaliwa tone moja juu ya kitu kikavu chenye mafuta.

Kuhifadhi

Rojo lililochemshwa na kutiwa chumvi, kwenye chupa safi ya kioo, hukaa wiki moja kwenye friji. Kwa muda mrefu zaidi ligandishe kwenye trei ya barafu. Pima kwanza trei yako kwa maji: nyingi zinaingia vijiko viwili vya mezani kwa kila kibonge, na hapo mchuzi wetu wa vijiko vitano unakuwa vibonge viwili na nusu. Vibonge vikishaganda vihamishie kwenye mfuko, na lile neno ulilopima, kali, wastani au pole, uliandike juu ya mfuko.

Rojo likizidi kuwa jeusi siku zinavyokwenda si tatizo, ni hewa tu. Viputo vinavyopanda chupa ikiwa imetulia, harufu ya kilevi, kifuniko kinachofyatuka, au utando wowote wa ukungu, hivyo ni vya kumwaga, na si kukwangua juu na kutumia chini. Ukifungua fungu jipya la ukwaju, hata kama ni la muuzaji yuleyule, rudia zile glasi mbili.